Uzio wa umeme usiopiga kiangazi: anzia kwenye ethi

Malalamiko haya huja kila mwaka kutoka nyanda za juu kama Iringa. Uzio umefungwa masika, ng'ombe wameugusa mara moja na wameuheshimu. Ikifika Agosti, ng'ombe walewale wanausukuma kwa kifua na kuingia kwenye vinyungu, yaani bustani za bondeni, vya jirani. Mwenye uzio anapeleka mashine kwa fundi, fundi anaipima na kukuta nzima. Mara nyingi fundi yuko sahihi, kwa sababu kilichobadilika ni udongo.

Mashine yenyewe, ambayo wauzaji wengi huiita enajaiza, inachukua umeme wa betri ya volti 12 au wa nyumbani, inaukusanya kwenye kapasita, kisha inauachia wote kwa mkupuo kupitia transfoma. Mkupuo huo unaingia kwenye waya ukiwa na volti 5,000 hadi 10,000, lakini haudumu hata sehemu ya mia moja ya sekunde. Kisha mashine inatulia kwa sekunde moja hivi, ndipo inapiga tena. Mlio wa "tak, tak" unaousikia ukiwa karibu nayo ndio mikupuo hiyo.

Usalama uko kwenye ufupi wa mkupuo na huo utulivu wa sekunde moja. Aliyegusa, mtu au mnyama, anapata nafasi ya kujiondoa. Umeme wa volti 230 uliounganishwa moja kwa moja kwenye waya wa uzio hautoi nafasi hiyo: unapita mfululizo, misuli inakaza, mkono unang'ang'ania waya, moyo unasimama. Watu wamekufa kwa nyaya za namna hiyo zilizotegwa kuzuia wezi au wanyama wa porini. Usifanye hivyo hata kwa usiku mmoja, wala usikubali enajaiza ya kuunga mwenyewe kutoka kwa fundi wa mtaani. Nunua iliyotengenezwa kiwandani na kuandikwa kwamba inafuata kiwango cha IEC 60335-2-76, ambacho ndicho kinachoweka mipaka ya nguvu ya mkupuo na muda wa kupumzika.

Sasa turudi Agosti. Enajaiza ina ncha mbili. Moja inakwenda kwenye waya wa uzio, nyingine kwenye vyuma vilivyochimbiwa ardhini, yaani ethi. Ng'ombe anapogusa waya kwa pua, umeme unapita mwilini mwake, unatoka kwenye kwato, unasafiri ndani ya udongo hadi kwenye vyuma vya ethi na kurudi kwenye mashine. Safari hiyo isipokamilika, hakuna pigo. Udongo wenye unyevu unapitisha umeme vizuri, ila udongo mkavu, wa mchanga au wa changarawe, unauzuia. Ndiyo maana kipande kimoja cha nondo kilichopigwa karibu na banda kinaweza kutosha masika na kushindwa kabisa kiangazi.

Kwa uzio mdogo wa mfugaji, weka vyuma vitatu vya kupakwa zinki, kila kimoja cha mita 2, viachane mita 3, na viunganishwe kwa waya mmoja usiokatika uliobanwa kwa klampu. Kuzungushia waya kwa mkono hakutoshi, kwa sababu kutu huingia katikati. Waya wa shaba nao usiungwe na chuma cha zinki, kwani unyevu ukipita hapo zinki inaliwa haraka. Ethi hii ikae angalau mita 10 kutoka ethi ya umeme wa nyumba, bomba la maji la chuma au waya wa simu, la sivyo mikupuo itaingia kwenye bomba na vyombo vya ndani.

Mahali pa kuvipiga panahitaji kufikiriwa kuliko idadi yake. Si lazima vyuma vikae chini ya enajaiza. Unaweza kuvuta waya hadi bondeni, pembeni mwa mfereji au kwenye birika la kunyweshea, mahali ambapo udongo haukauki mwaka mzima. Mimi ningeanza hapo kabla ya kununua chuma cha nne.

Kujua kama ethi inatosha kunahitaji kipimo cha volti cha uzio, kile cha kidijitali. Pima mwezi mkavu kuliko yote. Chukua mfano wa malisho ya mita 200 kwa 100, yaani uzio wa mita 600. Zima mashine, nenda umbali wa mita 100 au zaidi kutoka kwenye ethi, pigilia vipande viwili vitatu vya nondo ardhini na uviegemeze kwenye waya. Washa, kisha pima waya. Volti ishuke chini ya 2,000. Isiposhuka, zima na uongeze nondo. Ikishashuka, rudi kwenye ethi. Choma msumari wa kipimo ardhini mita moja kutoka chuma cha mwisho na ugusishe kipimo kwenye chuma hicho. Ukisoma volti 300 au chini ya hapo, ethi ni nzuri. Tuseme umesoma 1,400: umeme mwingi unakwama hapo kwenye ethi badala ya kumfikia ng'ombe. Ongeza chuma, pima tena, na kama namba inashuka kidogo tu, hamishia ethi bondeni.

Kuna maeneo ambako hata hilo halisaidii, kwa sababu ardhi yote imekauka hadi chini. Hapo tumia nyaya tatu: ya juu na ya chini ziwe za moto, yaani zenye umeme, ya katikati iungwe kwenye ethi. Ng'ombe anayepenya anagusa mbili kwa pamoja na kupigwa bila umeme kupita kwenye udongo.

Upande wa waya wa moto una adui zake. Uzio ukiwa hauna mzigo, ng'ombe wanataka volti 4,000 kwenda juu, mbuzi na kondoo 5,000 kwa sababu ya manyoya. Ukikuta pungufu, chomoa uzio kwenye mashine na upime mashine peke yake. Ikisoma juu, tembea kando ya waya na utafute nyasi mbichi zinazougusa, au insuleta iliyopasuka. Tembea jioni: penye hitilafu utaona cheche na kusikia mlio. Nguzo ya mti bila insuleta huvuza umeme ikilowa. Chini ya geti pitisha kebo maalumu ya uzio. Kebo ya kawaida ya nyumba haikutengenezwa kwa maelfu ya volti na itavuzia ardhini.

Seng'enge isipewe umeme kamwe. Mtoto au ndama akinaswa na miiba, ule utulivu wa sekunde moja haumsaidii, maana hawezi kujitoa. Kwa sababu hiyohiyo uzio mmoja usilishwe na enajaiza mbili, kwani mikupuo yake itapishana na pumziko litapotea. Penye njia ya watu, tundika vibao vya tahadhari vyenye picha, visiachane zaidi ya mita 100, na mweleze jirani na watoto wake kabla ya kuwasha. Waya wa chini kabisa uuweke tu kama una sababu, kwa sababu kobe akipigwa hujikunyata palepale badala ya kukimbia, na hupigwa hadi kufa.

Funga kizuia radi kati ya uzio na mashine, kikiwa na ethi yake mbali na ile ya enajaiza. Ukiona wingu la radi linakuja na bado una muda, zima mashine na uchomoe waya zote mbili, ya uzio na ya ethi.