Kabla ya Kutafsiri Ripoti ya Bwawa la Tope la Mgodi: Mambo ya Kuzingatia

Ripoti ya ufuatiliaji wa bwawa la tope, yaani bwawa linalohifadhi mabaki ya mawe yaliyosagwa na maji yake baada ya madini kutolewa, huandikwa na wahandisi kwa ajili ya wahandisi wenzao, lakini wanaoshinda juu ya ukuta wa bwawa na bondeni chini yake ni watu wengine: waendesha pampu, mafundi wa mabomba, wasimamizi wa zamu, walinzi na madereva. Bwawa la Brumadinho nchini Brazil lilipopasuka tarehe 25 Januari 2019 na kuua watu 270, wengi wa waliokufa walikuwa wafanyakazi wa mgodi wenyewe, kwa kuwa ofisi na bwalo la chakula vilikuwa kwenye njia ya tope. Wasomaji wa namna hiyo ndio wanaotafsiriwa ripoti. Kwao jambo la kwanza si ufasaha wa istilahi, bali ni kwamba kila namba, ikishaingia katika Kiswahili, iendelee kuonyesha hatari iko upande gani. Katika ripoti hizi namba iliyopungua huweza kuwa nafuu katika mstari mmoja na kuwa onyo katika mstari unaofuata.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kuandika sentensi ya kwanza, mtafsiri aombe nyaraka tatu ambazo aghalabu haziambatanishwi: ripoti ya kipindi kilichotangulia, ramani inayoonyesha kila kifaa kimefungwa wapi ukutani, na jedwali la viwango vya tahadhari ambalo linasema namba ikifika wapi nani afanye nini. Ripoti peke yake humpa vipimo vya leo tu. Bila jedwali hawezi kujua kama kipimo kimevuka mpaka, na bila ripoti iliyopita hawezi kutambua kosa la uchapaji lililogeuza 8.45 kuwa 4.85. Aombe pia mhandisi mmoja wa kuulizwa maswali, na maswali hayo yaandikwe, kwa kuwa majibu ya simuni hupotea zamu ikibadilika.

Sehemu inayohitaji maandalizi marefu zaidi ni ya pizomita, yaani vifaa vinavyopima shinikizo la maji yaliyomo ndani ya udongo wa ukuta. Maji hayo yakipanda, chembe za udongo husukumwa zisishikamane vizuri na ukuta hupungukiwa nguvu hata kama kwa nje hauonyeshi ufa wowote. Pizomita ya kawaida kabisa ni bomba jembamba la wima lililozamishwa ukutani. Msomaji wa vipimo hushusha utepe wenye kihisio hadi ulie unapogusa maji, kisha huandika kina kutoka mdomo wa bomba. Hapo ndipo namba inapogeuka: kina kikipungua, maji yamepanda.

Tuchukue mfano uliotungwa kwa ajili ya maelezo haya. Ripoti inasema kwamba pizomita P-07, ambayo mdomo wake uko mita 1,214.60 juu ya usawa wa bahari, ilisoma mita 9.80 wiki iliyopita na mita 8.45 wiki hii. Mtafsiri mwenye haraka ataandika kwamba kipimo cha P-07 kimeshuka kutoka 9.80 hadi 8.45, na msimamizi wa zamu atakayeisoma sentensi hiyo atashusha pumzi. Ukweli ni kinyume chake. Ukitoa kila kina kwenye kimo cha mdomo wa bomba, maji yalikuwa kwenye mita 1,204.80 na sasa yako kwenye mita 1,206.15, maana yake yamepanda mita 1.35 ndani ya wiki moja. Kama jedwali la bwawa hilo limeweka kiwango cha njano kwenye mita 1,206.00, tayari kimevukwa. Tafsiri inayofaa itasema: "Maji ndani ya ukuta kwenye P-07 yamepanda mita 1.35 tangu wiki iliyopita na yamevuka kiwango cha njano kwa mita 0.15." Kina cha utepe kibaki katika jedwali kwa ajili ya rekodi, lakini sentensi izungumze juu ya maji, isizungumze juu ya namba.

Pizomita za umeme hazipimwi kwa utepe. Nyingi hutoa shinikizo kwa kilopaskali, na hapo namba ikipanda, maji nayo yamepanda, kila mita moja ya maji ikiwa sawa na kilopaskali 9.81. Hata hivyo zile zinazotumia waya unaotetema huwa na safu nyingine ya namba ghafi za mtetemo, ambazo hupungua shinikizo linapoongezeka. Safu hiyo isitolewe maelezo katika Kiswahili. Ripoti moja ikichanganya aina zote mbili za vifaa, kama inavyotokea mara nyingi, mtafsiri amwombe mhandisi ridhaa ya kueleza vyote kwa kimo cha maji juu ya usawa wa bahari, kisha hesabu hiyo ihakikiwe na mhandisi mwenyewe kabla haijachapwa.

Kipimo cha pili ni kile ambacho wafanyakazi wengi hukiita fribodi: umbali wa wima kati ya uso wa maji ya bwawa na sehemu iliyo chini kuliko zote juu ya ukuta. Maneno hayo ya mwisho yasiachwe, kwa kuwa ukuta hutitia mahali pengine zaidi ya pengine, na maji hayatafuti wastani wake. Hapa kupungua ndiko kubaya. Katika mfano wetu sehemu hiyo iko mita 1,214.00 na maji yako mita 1,212.30, kwa hiyo fribodi ni mita 1.70 wakati kiwango cha chini kinachoruhusiwa ni mita 1.50. Ripoti ya asili itasema kwa ufupi kwamba masharti yametimizwa, na ni kweli. Lakini mwendesha pampu akisoma "mita 1.70" atadhani ana nafasi ya kimo cha mtu mzima, ilhali iliyobaki kabla ya kuvunja sharti ni mita 0.20. Ile 1.50 si ya kutumia, imewekwa akiba kwa ajili ya mvua kubwa na mawimbi ya upepo. Kama ripoti iliyopita inaonyesha maji yalikuwa mita 1,212.05, basi yamepanda mita 0.25 kwa wiki moja, na kwa mwendo huohuo sharti litavunjwa kabla ya ripoti ijayo. Si kazi ya mtafsiri kutabiri hilo ndani ya tafsiri. Kazi yake ni kumwonyesha mhandisi na kumwuliza kama sentensi ya nafasi iliyobaki iongezwe, na kwa maoni yangu iombwe kila mara.

Kwa upande wa maji yanayopita ukutani, uamuzi wa maneno ufanywe mapema na usibadilishwe katikati ya ripoti. Karibu kila ukuta wa udongo hupenyeza maji kiasi, na mifereji ya kokoto huwekwa makusudi ili kuyakusanya na kuyatoa upande wa nje. Maji hayo yakiitwa "uvujaji" katika kila ripoti, neno hilo litazoeleka, na siku ukuta utakapovuja kweli hakuna atakayeshtuka. Afadhali yale yaliyotarajiwa yaitwe maji ya kupenya, na neno kuvuja liachiwe maji yanayotokea mahali ambapo hayakutarajiwa.

Zaidi ya wingi, rangi ya maji hayo ndiyo habari. Ripoti ikieleza kwamba maji ya mfereji wa tatu yameongezeka kutoka lita 2.1 hadi lita 2.9 kwa sekunde na kwamba si maangavu tena, jambo zito zaidi ni hilo la mwisho, kwa kuwa maji yaliyotibuka huenda yamebeba udongo kutoka ndani ya ukuta na yanachimba njia. Kuandika "maji machafu" hakutoshi, maana maji ya mgodini kwa macho ya wengi ni machafu siku zote. Iandikwe kwamba maji yametibuka na yana chembe za udongo, ikiwa ndivyo mkaguzi alivyoona, na kama ripoti ya asili haisemi chembe zilionekana au la, swali lirudi kwa aliyeandika. Vivyo hivyo doa jipya la unyevu, au majani yaliyostawi ghafla mahali pakavu, litajwe kwa mahali ambapo wafanyakazi wanapafahamu, mathalani karibu na nguzo fulani ya taa, pamoja na namba ya kipande cha ukuta iliyo kwenye ramani.

Viwango vya tahadhari vifuate rangi za jedwali la mgodi husika bila kuongezewa vionjo. Tahadhari, onyo na hatari visipokezane ili kupamba lugha. Kila kimoja kifungwe kwenye kiwango kimoja. Ugumu mkubwa zaidi umo katika maagizo, ambayo kwa kawaida huandikwa bila mtendaji: pampu iwashwe, ukaguzi uongezwe. Kiswahili nacho huruhusu sentensi ya aina hiyo, na ndiyo maana kasoro hiyo huponyoka. Jedwali ndilo litakalosema ni nani, na lisiposema, mhandisi aulizwe. "Msimamizi wa zamu awashe pampu ya pili" ni agizo, ilhali "pampu ya pili iwashwe" ni matumaini.

Saa zinahitaji uangalifu wa peke yake. Kipimo kilichosomwa 07:00 kilisomwa saa 1 asubuhi, na mwisho wa kazi uliopangwa 14:00 ni saa 8 mchana. Kwa kuwa kompyuta za chumba cha udhibiti huonyesha saa kwa mtindo wa kimataifa wa saa 24, ni salama kuandika zote mbili bega kwa bega. Baadhi ya washauri, hasa wa Afrika Kusini, hutumia mkato badala ya nukta, hivyo 1,70 yao ni 1.70 yetu na si mia moja na sabini. Kushoto na kulia kwa ukuta huhesabiwa kwa kawaida ukiutazama upande maji yanakoelekea, lakini hakikisha ripoti yako imefuata desturi hiyo.

Jina la bwawa lenyewe lilingane na kilichomo. Kwenye migodi ya dhahabu inayotumia sianidi, jina topesumu limeshazoeleka na lina sababu. Kwenye mgodi wa almasi kama wa Mwadui, ambako ukuta wa bwawa ulibomoka tarehe 7 Novemba 2022 na tope likafunika mashamba na makazi, madini hayachenjuliwi kwa sianidi, na "bwawa la tope" ndilo jina linalostahili.

Tafsiri ikikamilika, apewe msimamizi wa zamu ambaye hakuiona ripoti ya asili, aisome, kisha aeleze kwa maneno yake maji yako wapi, yamepanda au yameshuka, na yeye anatakiwa kufanya nini kabla ya zamu kwisha. Akikosea hata moja, sentensi husika iandikwe upya na apewe msimamizi mwingine, si yuleyule ambaye sasa anajua jibu. Nakala itakayobandikwa iwe na namba ya ripoti ya asili, tarehe ya vipimo na jina la mhandisi aliyeihakiki, na nakala ya wiki iliyopita iondolewe ubaoni siku hiyohiyo.