Jinsi ya kusoma onyo la fenilalanini kwenye soda isiyo na sukari

Mwongozo huu nimewaandikia wazazi na walezi wa watoto wenye fenilketonuria, hasa familia za Waswahili zinazoishi Uingereza, ambako kila mtoto mchanga hupimwa ugonjwa huu kwa tone la damu ya kisigino. Mimi ni mtaalamu wa lishe. Kliniki yetu inajua kuwafundisha wazazi habari za nyama, maziwa na maharage, lakini kopo la soda huwachanganya hata wale walio makini. Wasomeeni na ndugu pia, maana mara nyingi shangazi na mjomba ndio wanaomkabidhi mtoto kinywaji kwenye sherehe.

Hatua ya 1: Jua onyo linamhusu nani

Fenilalanini ni asidi amino iliyomo katika karibu kila protini tunayokula. Mwilini, sehemu tunayohitaji hutumika, na ini huigeuza ziada kuwa tairosini kwa kutumia kimeng'enya maalumu. Mtoto mwenye fenilketonuria amerithi jeni yenye kasoro kutoka kwa baba na mama, kwa hiyo kimeng'enya hicho hakifanyi kazi ipasavyo. Fenilalanini hurundikana katika damu, hupanda hadi kwenye ubongo, na mtoto asipodhibitiwa chakula tangu siku zake za mwanzo hudumaa akili.

Aspatamu, utamu unaotiwa katika soda nyingi za dayati, imeundwa kwa asidi amino mbili zilizounganishwa: asidi aspatiki na fenilalanini. Ikifika tumboni huvunjika, na fenilalanini yake huingia katika damu sawasawa na ile ya nyama au yai. Ndiyo sababu ya onyo. Halihusu kisukari, halihusu mimba ya mama asiye na ugonjwa huu, wala halihusu saratani. Mjadala wa saratani uliovuma mwaka 2023, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilipoiweka aspatamu katika kundi la 2B, yaani la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani, ni habari nyingine kabisa. Onyo hili lilikuwepo kwenye makopo tangu miaka ya 1980. Asiye na fenilketonuria hupata fenilalanini nyingi zaidi katika glasi moja ya maziwa kuliko katika kopo la soda, na ini lake huimaliza bila shida.

Hatua ya 2: Tafuta maneno haya kwenye kopo

Uingereza na Ulaya utakuta mojawapo ya haya, kwa kawaida karibu na orodha ya viambato na kwa herufi ndogo:

```
Contains a source of phenylalanine
Aspartame
E951
E962
```

E951 ndiyo aspatamu yenyewe. E962 ni chumvi iliyochanganya aspatamu na utamu mwingine, kwa hiyo nayo ina fenilalanini. Kopo lililotoka Marekani huandikwa `PHENYLKETONURICS: CONTAINS PHENYLALANINE`. Ukiona E950, E954 au E955 peke yake, hizo ni utamu wa aina nyingine na hazina fenilalanini. Lakini soma hadi mwisho wa orodha, kwa sababu E950 hupenda kutumiwa pamoja na E951 katika kinywaji kimoja.

Usiruke hatua hii eti kwa sababu soda ni ya kawaida, yenye sukari. Tangu kodi ya sukari ianze Uingereza mwezi Aprili 2018, watengenezaji wengi walipunguza sukari na kujazia utamu wa kutengenezwa. Kinywaji ambacho mtoto alikunywa mwaka jana kwa usalama kinaweza kuwa kimebadilishwa, na rangi ya chupa imebaki ileile.

Hatua ya 3: Usiuamini mstari wa protini

Hapa ndipo wengi hukwama. Umefundishwa kuhesabu mafungu: gramu 1 ya protini ni fungu moja, sawa na miligramu 50 za fenilalanini. Mama mmoja aliniletea kopo kliniki akaniuliza, "Dada, mbona wameandika protini sifuri halafu wanatutisha chini?" Swali lake ni la haki. Hesabu ya mafungu inategemea ukweli kwamba protini ya kawaida ina fenilalanini kama asilimia 5 tu. Aspatamu ni tofauti: zaidi ya nusu ya uzito wake hutoka kama fenilalanini. Kiasi chake ndani ya kopo ni kidogo mno hata jedwali la lishe huandika 0, lakini kiasi hicho kidogo kimejaa kile hasa tunachokikimbia.

Hatua ya 4: Piga hesabu

Kopo halikwambii limetiwa miligramu ngapi za aspatamu. Mimi hutumia kikomo cha sheria, ambacho kwa vinywaji vya aina hii ni miligramu 600 kwa lita, ili nikikosea nikosee upande wa usalama.

```
0.33 lita x 600 = 198 mg aspatamu
198 x 0.56 = 111 mg fenilalanini
111 / 50 = 2.2 mafungu
```

Ile 0.56 ni sehemu ya fenilalanini katika uzito wa aspatamu.

Sasa mchukue mtoto wa miaka minane aliyepangiwa mafungu 6 kwa siku, yaani miligramu 300. Viazi vya kuchemsha gramu 80 ni fungu moja. Kopo moja linaweza kumlia zaidi ya mafungu mawili, sawa na viazi gramu 175 hivi, ambavyo vingekuwa chakula chake cha jioni. Na soda haikumshibisha. Kwa sababu hiyo kliniki hushauri aspatamu iachwe kabisa badala ya kuitafutia nafasi katika mafungu. Mimi nakubaliana na ushauri huo bila kusita: mtoto mwenye mafungu sita hana fungu la kupoteza.

Hatua ya 5: Chunguza pasipo na lebo

Mashine za soda mikahawani humimina kwenye glasi, na glasi haina maandishi. Vinywaji viwili vikitoka bomba jirani, mhudumu anaweza kuchanganya. Agiza kopo au chupa iliyofungwa, uisome mwenyewe. Dawa nazo zikaguliwe: vidonge vya kutafuna, vya kuyeyusha majini na baadhi ya dawa za maji za watoto hutiwa aspatamu. Mwambie mfamasia kwamba mtoto ana fenilketonuria kabla hajafunga dawa. Bazoka na pipi zisizo na sukari ni vivyo hivyo.

Hatua ya 6: Akishakunywa kwa bahati mbaya

Usimtapishe. Kopo moja halimdhuru siku hiyo, na huenda usione dalili yoyote. Ndiyo maana haifai kumpima kwa macho. Madhara hutokana na kiwango cha damu kinachobaki juu kwa muda mrefu.

Mafungu yaliyobaki ya siku hiyo yapunguze kulingana na alichokunywa, ila usimnyime chakula. Mwili wenye njaa huvunja misuli yake wenyewe, na misuli ikivunjika huachia fenilalanini, kwa hiyo kumfungisha huongeza tatizo. Mpe vyakula vyake vya protini ndogo hadi ashibe, na kinywaji chake maalumu cha asidi amino asikikose, kwani hicho hakina fenilalanini na huusaidia mwili kujenga.

Kisha andika kwenye daftari: jina la kinywaji, kiasi, saa. Tone la damu lichukuliwe siku ile iliyopangwa, asubuhi kabla hajala. Kwa mtoto wa chini ya miaka 12 tunataka majibu yawe kati ya maikromoli 120 na 360 kwa lita. Yakizidi, daftari ndilo litakalotuonyesha kama ni lile kopo, homa ya juzi, au kuna kinywaji kingine nyumbani ambacho bado hakijasomwa.