Nyota na Jua zikitoka pamoja baada ya kuachana

Ukimsomea mtu aliyeachwa taroti, karata za kutabiria, karata ya Nyota ikakaa kwenye nafasi ya sasa na ya Jua kwenye nafasi ya yajayo, usikimbilie kumwambia mpenzi mpya yuko njiani. Nyota ni namba 17, Jua ni 19. Kati yao kuna Mwezi, 18, karata ya hofu na mashaka. Vuta karata moja uiweke katikati: hiyo ndiyo inayoonyesha kinachomzuia. Ikitoka Vikombe Vitano, bado anaomboleza vilivyomwagika, ingawa viwili vimesimama nyuma yake. Mpe nafasi alie kwanza. Mwezi wenyewe ukiwa tayari uko mezani, usivute karata nyingine. Na njia hii haifai akiuliza kama yule wa zamani atarudi, kwa sababu hapa unasoma moyo wake yeye.