Faundesheni ikikutoa kijivu, usikimbilie iliyokoza zaidi

Uso ukitoka kama umepakwa majivu, mara nyingi weusi wa faundesheni uko sawa; kilichokosewa ni rangi ya chini ya ngozi. Hiyo huwa ya joto (njano, dhahabu), ya baridi (wekundu au ubuluu) au ya kati. Ukichukua iliyokoza zaidi ya aina ileile, utapata kijivu cheusi tu.

Dukani, omba tatu zenye weusi uleule: ya joto, ya kati, ya baridi. Chora mistari mitatu kutoka kwenye taya kushuka shingoni, si mgongoni mwa kiganja. Subiri dakika 10 hivi, maana nyingi hukoza zikikauka, kisha toka nje ujitazame kwenye kioo kivulini. Taa za duka hudanganya. Mstari unaopotea ndio wako. Unaobaki wa chungwa umezidi joto, wa kijivu au waridi umezidi baridi.

Kwa chapa ya MAC, angalia: herufi zao C na W ni kinyume cha “cool” na “warm” za Kiingereza, yaani baridi na joto. NC ni ya ngozi yenye unjano, NW yenye wekundu. Mwenye ngozi ya dhahabu akiona W akadhani ni “joto”, anaondoka na NW45 badala ya NC45.