Bei ya usajili inapopandishwa: jinsi ya kutambua tangazo, kulikubali au kulikataa kabla tarehe haijafika

Shemeji yangu hulipia programu ya kuhifadhi picha kupitia Play Store, shilingi 300 kila tarehe 18. Mwezi wa tatu alipata barua pepe ya kumwambia bei itakuwa shilingi 450. Aliisoma jikoni huku uji ukichemka, akaifunga, akaisahau. Mwezi wa nne akanipigia: "Shemeji, mbona picha zangu hazipandi tena?" Hakuwa amekatwa pesa hata senti. Usajili wake ulikuwa umefutwa kwa sababu hakujibu.

Mwezi huohuo jirani yake alipata barua inayofanana na ile, naye pia hakujibu. Yeye alikatwa bei mpya.

Hapo ndipo watu wengi wanapoteleza. Kuna tangazo ambalo ukilinyamazia umekataa, na kuna tangazo ambalo ukilinyamazia umekubali. Kabla ya kubonyeza chochote, jua lako ni lipi.

Kwanza, hakikisha ni tangazo la kweli

Tangazo la Google Play huja kwa barua pepe na pia kama arifa kwenye simu. La Apple ni hivyohivyo, na wakati mwingine huonekana ndani ya programu yenyewe. Barua hutumwa kwa akaunti iliyonunua usajili, si lazima iwe ile unayoifungua kila siku. Shemeji ana akaunti mbili za Gmail kwenye simu moja, ya kazini na ya nyumbani, na usajili wote uko kwenye ile ya nyumbani ambayo huifungua mara moja kwa wiki. Angalia pia `Promotions` na `Spam`, maana barua hizi hupenda kujificha huko.

Matapeli nao wameujua mtindo huu. Watakuandikia kwamba bei inapanda mara tatu, ubonyeze hapa ukatae, kisha ukurasa unaofunguka unakuomba namba ya kadi. Kukataa ongezeko la bei hakuhitaji namba ya kadi kamwe. Wala usitegemee jina la mtumaji, kwa kuwa jina hughushiwa. Dawa ni moja: usibonyeze kiungo chochote ndani ya barua. Funga barua, nenda mwenyewe kwenye orodha ya usajili wako, utazame kama mabadiliko yameandikwa huko.

Kwa Android, fungua Play Store, gusa picha ya akaunti yako juu kulia, kisha `Payments & subscriptions`, halafu `Subscriptions`. Kama una akaunti zaidi ya moja, gusa tena ile picha ubadilishe akaunti, utazame kila moja. Kwa iPhone, fungua `Settings`, gusa jina lako, kisha `Subscriptions`. Ukifungua usajili wenyewe utaona bei unayolipa na tarehe ya malipo yajayo. Ikiwa bei inabadilika, taarifa yake iko hapo. Ikiwa hapo hakuna lolote na barua inakutisha, ifute.

Kuna usajili ambao hutauona kwenye orodha hizi: ule uliolipia moja kwa moja kwenye tovuti ya kampuni kwa kadi. Huo hauko mikononi mwa Google wala Apple. Ingia kwenye tovuti ya kampuni kwa kuandika anwani mwenyewe, ufungue ukurasa wa akaunti yako. Kwa usajili wa namna hii chukulia kwamba kimya ni kukubali.

Si kila pesa iliyoongezeka ni ongezeko la bei

Ukiona benki imekata zaidi ya mwezi uliopita bila tangazo lolote, tazama kwanza risiti. Ikiwa bei ilitajwa kwa dola na dola ni zilezile, kilichobadilika ni thamani ya shilingi au makato ya benki, na hapo hakuna cha kukubali wala kukataa. Vilevile bei ya kuanzia ikiisha, ile ya miezi mitatu ya kwanza kwa nusu bei, unarudi kwenye bei uliyoikubali siku ya kwanza. Hiyo haihesabiwi kuwa bei mpya, kwa hiyo usingoje ombi la kukubali.

Aina ya tangazo, na tarehe zake

Kwenye Google Play kawaida ni hii: mwenye programu akitaka wateja wa zamani nao walipe bei mpya, mteja lazima akubali. Akipandisha bei, kwanza hupita siku 7 za utulivu ambamo mteja haandikiwi na Google. Baada ya hapo, Google huanza kumwarifu mteja siku 30 kabla ya malipo ya kwanza kwa bei mpya. Ukijumlisha ni siku 37 kwa uchache.

Tazama jinsi ilivyomwangukia shemeji. Tuseme uamuzi ulifanywa tarehe 1 Machi. Siku 37 zinaishia tarehe 7 Aprili, kwa hiyo malipo ya 18 Machi hayakuguswa, yalikatwa kwa shilingi 300 kama kawaida. Malipo ya kwanza kwa bei mpya yakawa 18 Aprili. Rudi nyuma siku 30 kutoka hapo, unafika 19 Machi, na ndiyo siku barua ilipoingia. Yaani alikuwa na mwezi mzima wa kufikiri, tena mwezi alioulipia kwa bei ya zamani. Kwa kuwa hakugusa kitufe cha kukubali, 18 Aprili ilipofika Google haikukata pesa, ikafuta usajili.

Lakini katika baadhi ya nchi, na kwa masharti, Google humruhusu mwenye programu kutumia njia ya pili: mteja anaarifiwa mapema, siku 30 au 60 kulingana na nchi, kisha anakatwa bei mpya isipokuwa awe amefuta mwenyewe.

Apple nayo ililegeza masharti yake Mei 2022. Ongezeko lisilozidi nusu ya bei, lisilovuka dola 5 (dola 50 kwa usajili wa mwaka), na lisilotokea zaidi ya mara moja kwa mwaka, linaweza kupita bila mteja kukubali, pale sheria ya nchi inaporuhusu. Anaarifiwa tu. Usajili wa dola 4 ukipanda hadi 5 unaweza kupita hivyo. Ukipanda kutoka dola 10 hadi 18, umevuka mipaka yote miwili, na ni lazima uulizwe. Usipojibu, usajili unakwisha mwisho wa kipindi ulicholipia.

Kwa hiyo unaposoma tangazo, acha maneno ya mwanzo, yale ya kukushukuru na kukueleza huduma ilivyoboreshwa. Tafuta sentensi moja tu, inayosema nini kitatokea usipofanya kitu. Ikisema usajili utafutwa au utakwisha usipokubali, kimya chako ni kukataa. Ikisema utaendelea kwa bei mpya isipokuwa ufute, kimya chako ni kukubali. Andika pembeni tarehe iliyotajwa.

Kukubali

Fungua usajili kwenye orodha ile niliyoeleza, usome bei mpya na tarehe yake, kisha gusa kitufe cha kukubali. Bei ya zamani inaendelea hadi tarehe hiyo, kwa hiyo kukubali mapema hakukugharimu kitu. Kama tangazo ni la aina ya pili, hutaona kitufe cha kukubali, na huna la kufanya. Kwa usajili wa familia, tangazo humfikia anayelipa. Wengine watashtukia tu huduma imekatika.

Kukataa

Usingoje kimya kikufanyie kazi, hata pale kinapoweza. Futa mwenyewe. Kwenye Play Store fungua usajili, gusa `Cancel subscription`, chagua sababu, uthibitishe. Kwenye iPhone ni `Cancel Subscription` chini ya usajili huohuo. Apple hutaka ufute angalau saa 24 kabla ya malipo yajayo. Mimi hujiwekea siku mbili kwa zote, maana malipo huweza kuanza kuchakatwa kabla ya siku yenyewe.

Ukifuta leo hupotezi siku ulizolipia, kwa kawaida huduma inaendelea hadi kipindi kiishe. Tumia muda huo kuhamisha picha au mafaili yako. Kisha rudi kwenye orodha, hakikisha usajili unaonyesha umefutwa na tarehe ya mwisho, upige picha ya skrini.

Mambo mawili ambayo watu hudhani ni kukataa na siyo. La kwanza ni kuondoa programu kwenye simu. Programu inaondoka, usajili unabaki, pesa zinaendelea kukatwa. La pili ni kuacha kadi bila salio, hasa hizi kadi za mtandaoni zinazounganishwa na M-Pesa. Malipo yakigoma, usajili haufi siku hiyo, unawekwa katika hali ya kusubiri na malipo hujaribiwa tena. Ukiweka pesa kwenye kadi wiki mbili baadaye kwa ajili ya jambo jingine, unaweza kukuta zimeenda huko.

Kabla ya kufuta, jiulize kama utarudi. Wateja wa zamani huweza kubaki kwenye bei ya zamani hata baada ya wapya kuanza kulipa ya juu. Ukiondoka, usajili ukaisha, kisha ukarudi, unahesabiwa mgeni na unalipa bei ya siku hiyo.

Ikiwa umeshakatwa

Tafuta risiti. Ya Google Play ina namba ya oda inayoanza na `GPA.`, na kwa usajili mwishoni mwake kuna nukta mbili na tarakimu inayohesabu mara ulizolipia tena, kama `..0` au `..1`. Namba hiyo ndiyo utakayoulizwa. Futa usajili kwanza, kisha omba kurudishiwa pesa kwenye ukurasa wa msaada wa Google Play ndani ya saa 48. Zikipita, utaelekezwa kwa mwenye programu. Kwa Apple, ingia `reportaproblem.apple.com`, chagua kuomba marejesho, uonyeshe malipo unayolalamikia. Andika kwa ufupi: tarehe ya tangazo kama ulilipata, bei ya zamani, bei mpya, na kwamba hukukubali. Kama kweli uligusa kukubali bila kusoma, sema hivyo, kwa maana kumbukumbu yao inaonyesha.

Shemeji hakuwa na cha kudai. Alihamisha picha za watoto kwenye kompyuta ya shule, kisha akajisajili upya kwa shilingi 450, akinilaumu mimi.