Karteli itasimama au itavunjika? Hesabu ya mkakati wa kifyatulio, hatua kwa hatua

Katika mitihani ya uchumi wa viwanda, swali la karteli huja karibu kila mara kwa sura ile ile: kampuni mbili zimekula njama, onyesha kama njama itadumu. Wanafunzi wengi hukimbilia fomula ya mwisho, wanaipata, kisha hawajui inasema nini. Nimefundisha somo hili kwa miaka kadhaa, na nimeona kwamba ugumu hauko kwenye aljebra. Uko kwenye muda: msaliti anakula kwa muda gani kabla wenzake hawajagundua? Hapa nitachukua mfano mmoja na kuufuata kutoka mwanzo mpaka tufike kwenye swali hilo.

Hatua ya 1: Tafuta faida tatu

Kampuni mbili zinauza bidhaa ile ile. Bei sokoni ni `P = 150 - Q`, ambapo Q ni jumla ya kiasi wanachouza wote wawili. Kila kipande kinagharimu 30 kukitengeneza. Kwa hiyo kampuni inayouza q, huku mwenzake akiuza x, inapata `q(120 - x - q)`.

Faida ya kwanza ni ya ushindani wa kawaida, ule wa Cournot. Kila mmoja anachagua kiasi kinachomfaa zaidi kwa kuzingatia kiasi cha mwenzake, nao wanakutana kwenye 40 kila mmoja. Bei ni 70, faida ni 40 mara 40, yaani 1600.

Faida ya pili ni ya njama. Wakijifanya kampuni moja yenye ukiritimba, watauza 60 kwa jumla, 30 kila mmoja. Bei inapanda hadi 90 na kila mmoja anapata 30 mara 60, yaani 1800.

Ya tatu ni ya usaliti, na hapa ndipo wengi hukosea. Wanadhani msaliti anarudi kwenye 40. Hapana. Mwenzake bado yuko kwenye mgawo wa 30, kwa hiyo msaliti anatafuta kilele cha `q(90 - q)`, ambacho ni 45. Bei inashuka hadi 75, naye anapata 45 mara 45, yaani 2025. Mwenzake mwaminifu anaambulia 30 mara 45, yaani 1350, chini hata ya ile faida ya ushindani.

Hatua ya 2: Linganisha tamaa ya leo na hasara ya kesho

Mkakati wa kifyatulio ni ahadi ya namna hii: nitauza 30 maadamu hakuna aliyewahi kuzidisha mgawo, siku yoyote mtu akizidisha, kuanzia kipindi kinachofuata nitauza 40 milele.

Usianze na fomula ya kitabuni. Anza na namba mbili. Akisaliti leo, anaongeza 2025 toa 1800, yaani 225. Kuanzia kesho anapoteza 1800 toa 1600, yaani 200, kila kipindi. Faida ya kesho ina thamani ndogo kuliko ya leo, kwa hiyo tunaizidisha kwa kigezo cha punguzo, δ, kilicho kati ya 0 na 1. Ya keshokutwa tunaizidisha kwa δ mara δ, na kuendelea. Njama inasimama ikiwa:

```
225 <= 200 * δ/(1 - δ)
δ >= 225/425 = 9/17 ≈ 0.53
```

Ile 425 si kitu kigeni: ni 2025 toa 1600, pengo zima kati ya usaliti na adhabu.

Tahadhari moja kabla ya kuendelea. Ukiambiwa δ ni 0.4, usiandike kwamba karteli haiwezekani. Kinachoshindikana ni njama kamili ya 30 kila mmoja. Wanaweza kukubaliana mgawo mkubwa kidogo ambao hauchochei tamaa sana. Kwa mfano huu, mgawo wowote q kati ya 30 na 40 unasimama ikiwa `δ >= 9(40 - q)/(200 - q)`. Kwa δ ya 0.4 mgawo mdogo kabisa unaoshikika ni takriban 32.6, na bei inakuwa karibu 85. Mlaji bado anaumia.

Hatua ya 3: Hakikisha tishio linaaminika

Hii ni fupi. Uliza: baada ya usaliti, je, kila mmoja angependa kweli kutekeleza adhabu? Hapa ndiyo, kwa sababu adhabu ni kuuza 40, na 40 ndilo jibu bora kwa 40. Hakuna anayelazimika kujiumiza kinyume na maslahi yake. Lakini msingi huo unahitaji mchezo usiwe na mwisho unaojulikana. Wakijua kwamba kipindi cha 20 ndicho cha mwisho, kila mmoja atasaliti cha 20, kwa hiyo hakuna cha kuogopa katika cha 19, na njama inafumuka kutoka mwisho hadi mwanzo.

Hatua ya 4: Badilisha δ iwe muda halisi

Sasa tumefika penyewe. Tulidhani usaliti unagunduliwa mara tu kipindi kinapoisha. Tuseme badala yake unagunduliwa baada ya vipindi k. Msaliti anakula 225 kwa vipindi vyote hivyo kabla adhabu haijaanza, na sharti linakuwa:

```
δ^k >= 9/17
```

Ukiwa na k ya 2, δ inatakiwa ifike takriban 0.73. Tuhesabu kwa miezi. Riba ya asilimia 1 kwa mwezi inatupa δ ya karibu 0.99. Weka kwenye sharti na utaona njama inavumilia ucheleweshaji wa hadi miezi 63. Zaidi ya miaka mitano! Mwanafunzi makini anatakiwa kushtuka hapa, kwa sababu kwa hesabu hiyo karteli zisingekuwa zinavunjika ovyo.

Kilichokosekana ni hatari ya njama kufa kwa sababu nyingine: wachunguzi kuvamia, kampuni mpya kuingia sokoni. Tuseme kila mwezi kuna uwezekano wa asilimia 5 kwamba njama inakoma na wote wanarudi kwenye 1600. Badala ya 0.99 tunatumia 0.95 mara 0.99, takriban 0.94. Uvumilivu unaanguka kutoka miezi 63 hadi 10. Riba haikubadilika hata kidogo. Ndiyo maana napenda wanafunzi wasiseme tu kwamba δ ni "subira". Ndani yake kuna subira, kuna uhai wa njama, na ule ucheleweshaji k unakaa juu yake kama kipeo.

Karteli ya laisini inaonyesha jinsi watu walioishi ndani ya hesabu hii walivyoielewa. Laisini ni asidi-amino inayochanganywa kwenye chakula cha mifugo. Kuanzia 1992 hadi 1995 kampuni tano, zikiwemo Archer Daniels Midland ya Marekani na Ajinomoto ya Japani, zilipanga bei na baadaye kugawana kiasi cha mauzo. Kila mwezi kila kampuni ilipeleka takwimu za mauzo yake kwa Ajinomoto, ambayo ilizikusanya. Huko ni kuishusha k. Archer Daniels Midland, iliyokuwa na kiwanda kikubwa, ilitishia kulijaza soko laisini ikiwa mgawo hautakubalika. Hicho ndicho kifyatulio chenyewe. Na waliweka utaratibu wa tatu ambao fomula yetu haina: mwisho wa mwaka, aliyeuza kupita mgawo wake angenunua kutoka kwa aliyeuza pungufu. Utaratibu huo hauongezi adhabu ya 200. Unaila ile 225. Kwa anayechunguza soko, mauzo ya namna hiyo kati ya washindani wenyewe kwa wenyewe, hasa mwisho wa mwaka, ni dalili ya kufuatiliwa. Wao walivunjwa na FBI, iliyokuwa na mtoa habari ndani na ilirekodi mikutano yao kwa siri. Mwaka 1996 Archer Daniels Midland ilikubali faini ya dola milioni 100, iliyojumuisha pia njama ya asidi ya sitriki.

Hatua ya 5: Ruhusu makosa ya kugundua

Mara nyingi kampuni haioni mauzo ya mwenzake, inaona bei tu. Bei ikishuka, huenda mwenzake amesaliti, huenda wateja wamepungua. Hili ndilo tatizo ambalo wachumi Edward Green na Robert Porter walilishughulikia mwaka 1984.

Turudi kwenye mfano wetu, na tuchukulie 1800, 1600 na 2025 kuwa wastani. Tuseme bei mbaya hutokea kwa asilimia 10 ya miezi hata kama wote ni waaminifu, na kwa asilimia 60 mtu akisaliti. δ ni 0.99. Adhabu ya milele sasa ni balaa: itafyatuka tu siku moja, bila kosa la mtu, na kwa wastani njama itadumu miezi 10. Ziada ambayo kila mmoja anapata juu ya ushindani, kwa thamani ya leo, ni takriban 1,835.

Sasa fanya adhabu iwe ya miezi T tu, kisha warudi kwenye 30. Ziada hiyo, tuiite V, na sharti la kutosaliti ni:

```
x = δ(1 - δ^T)
V = 200/(1 - δ + 0.1*x)
225 <= 0.5 * x * V
```

Ile 0.5 ni 0.6 toa 0.1: usaliti unaongeza uwezekano wa kuadhibiwa kwa kiasi hicho tu, kwa kuwa hata mwaminifu huadhibiwa wakati mwingine. Jaribu T ya 2: upande wa kulia unatoa takriban 165, haitoshi. T ya 3 inatoa takriban 227, inatosha kwa kubana. Na V inakuwa karibu 15,450, zaidi ya mara nane ya ile ya adhabu ya milele.

Angalia maana yake kwa anayetazama soko kutoka nje. Katika mfano huu hakuna anayesaliti kamwe, lakini vita vya bei vya miezi mitatu vinatokea tena na tena, kila bei inaposhuka kwa bahati mbaya. Katika karteli ya reli za kutoka Chicago hadi pwani ya Atlantiki, miaka ya 1880, vita vya bei vilizuka na kutulia mara kadhaa, na Porter alizichambua takwimu zake mwaka 1983 kwa mtazamo huu. Ukiona bei imeporomoka, usiandike bado kwamba karteli imekufa. Subiri uone kama inarudi pale pale ilipokuwa, na kwa ghafla kiasi gani.