Mechi ya Kirumba saa 10 jioni: huko uliko ni saa ngapi?

Mdogo wangu anaishi Toronto. Mwaka wa kwanza alipofika huko, baba alimtumia ujumbe kutoka Mwanza: "Mpira kesho saa moja usiku, usikose." Akausoma, akaona 1 na usiku, akaelewa kwamba ni saa ile ambayo Wazungu huandika 1:00 AM. Akapiga hesabu ya tofauti ya saa kwa uangalifu kabisa, akapata jibu, akakaa mbele ya simu kwa wakati aliouhesabu na hakukuta kitu. Hesabu yake ya kutoa na kujumlisha haikuwa na kosa. Kosa lilitokea kabla hajaanza kuhesabu, pale alipoisoma saa ya baba kwa saa ya kizungu.

Nami nimeishi ng'ambo kabla ya kurudi hapa Mwanza, na ninaona jambo hilohilo kila wiki kwenye kundi letu la familia. Watu wanadhani shida ni umbali. Mara nyingi shida ni kwamba ratiba zetu zinaandikwa kwa saa mbili tofauti, na msomaji hajiulizi kwanza anasoma ipi.

Tuanze hapo. Bango la mechi likiandikwa "16:00", hiyo ni saa ya kizungu ya tarakimu 24, na huwezi kuikosea kwa sababu saa ya Kiswahili haipiti 12. Bango likiandikwa "saa 10:00 jioni", ni wakati uleule, ila umehesabiwa kuanzia asubuhi kunapopambazuka. Kutoka saa ya Kiswahili kwenda ya kizungu unaongeza 6: saa 10 jioni inakuwa 16:00. Kwa mechi za usiku, kumbuka kwamba saa 1 usiku inafuata saa 12 jioni, kwa hiyo ihesabu kama 13 kisha ongeza 6, upate 19:00. Saa 3 usiku ni 15 ongeza 6, yaani 21:00.

Neno linalofuata namba ndilo la kushika. Jioni, usiku, mchana: maneno hayo ndiyo yanayokuambia namba imetoka kwenye saa ipi. Shida huja pale vijana wanapochanganya, wakaandika "gemu saa 7 usiku" wakimaanisha 7:00 PM. Kwa Kiswahili chetu saa 7 usiku ni usiku wa manane, saa moja baada ya saa sita ya usiku, na hakuna mechi ya Ligi Kuu inayoanza kwenye uwanja wetu wa Kirumba wakati huo. Ukipata jibu la namna hiyo, mwandishi alichanganya. Alimaanisha 19:00, ambayo wazee wangeiita saa 1 usiku. Muulize kabla hujaweka kengele.

Ukishapata 16:00, sasa ndiyo unaingia kwenye umbali. Tanzania, Kenya na Uganda zote ziko saa 3 mbele ya saa ya Greenwich, na kwenye skrini utaona imeandikwa GMT+3, UTC+3 au EAT. Saa yetu haibadilishwi mwaka mzima. Mwanza hatusogezi mishale mbele wala nyuma, hata kidogo. Kwa hiyo tofauti kati yako na Kirumba ikibadilika, jua ni kwenu ilikobadilika. Wengi waliohamia Ulaya au Marekani ya Kaskazini wanashika tofauti moja kichwani, "Toronto ni saa saba", kisha wanaitumia Januari na Julai bila kubagua.

Chukua mfano kamili. Tuseme timu yetu ya Pamba Jiji wako nyumbani Kirumba Jumamosi tarehe 31 Oktoba 2026, saa 10 jioni. Hiyo ni 16:00 ya Mwanza, na ukitoa 3 unapata 13:00 ya Greenwich. Sasa angalia ndugu watatu. Dada aliye Leicester: Uingereza hurudisha saa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, ambayo mwaka huo ni tarehe 25, kwa hiyo siku ya mechi ameshakuwa sawasawa na Greenwich. Kwake mpira unaanza 13:00. Wiki moja kabla yake, mechi ya saa ileile ingeanza kwake 14:00. Mdogo wangu Toronto: Kanada na Marekani hurudisha saa nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba, ambayo ni tarehe 1, siku moja baada ya mechi yetu. Kwa hiyo Jumamosi hiyo bado yuko saa 4 nyuma ya Greenwich, na mpira kwake ni 09:00 asubuhi. Mechi ikisogezwa hadi kesho yake, saa ileile ya 10 jioni, kwake itakuwa 08:00. Ile wiki moja kati ya tarehe 25 Oktoba na 1 Novemba ndiyo inayowakosanisha watu: dada amebadilisha, mdogo hajabadilisha, na kila mmoja anaapa kwamba hesabu ya mwenzake imekosewa. Mwezi wa Machi inarudi kinyume. Marekani na Kanada husogeza mbele Jumapili ya pili ya Machi, Ulaya husubiri Jumapili ya mwisho, na pengo hilo huwa la wiki mbili au tatu.

Kwa walio upande wa Toronto na New York kuna njia fupi ninayoipenda, kwa sababu inakutoa moja kwa moja kwenye saa ya Kiswahili bila kupita 16:00. Wakati wa majira yao ya joto, toa 1 tu kwenye namba ya Kiswahili. Saa 10 jioni ni 9 asubuhi kwao. Saa 1 usiku, ambayo tumekubaliana ni 13, inakuwa 12 mchana. Wakati wa baridi, toa 2. Walio Minneapolis na miji mingine ya saa za kati, toa 2 wakati wa joto na 3 wakati wa baridi. Inafanya kazi kwa sababu ile 6 tunayoongeza ili kuiacha saa ya Kiswahili inakaribia kulingana na ile 7, 8 au 9 inayotolewa kwa umbali, na kinachobaki ni kidogo. Ila kumbuka kwamba jibu unalopata ni namba ya saa ya kizungu. Ukimwambia baba kwenye simu, kwake 9 yako ya asubuhi ni saa 3 asubuhi.

Mechi za usiku zina mtego wa tarehe, na wanaoumia zaidi ni walio Australia. Mechi ya saa 3 usiku Jumamosi ni 21:00 hapa, 18:00 Greenwich, na Sydney mwezi wa Oktoba au Novemba ni 05:00 alfajiri ya Jumapili. Ukiwa huko na ratiba imeandikwa Jumamosi, unalala Jumamosi ukijua unaamka kwa ajili ya mechi. Ndiyo maana kwenye kundi letu tunaandika "usiku wa Jumamosi kuamkia Jumapili". Usiandike "usiku wa Jumapili" peke yake, kwa sababu wazee wengine husema hivyo wakimaanisha usiku unaotangulia siku ya Jumapili, na vijana wanaelewa usiku unaoifuata.

Sasa kuna kosa jingine ambalo linawapata hata wanaojua hesabu zote hizo: kugeuza saa mara mbili. Bango lililo picha halijui uko wapi. Kilichoandikwa humo ni saa ya Mwanza hata ukilifungulia Oslo. Lakini programu nyingi za matokeo kwenye simu, na tovuti nyingi za ratiba, husoma saa ya simu yako na kukuonyesha wakati ambao tayari umegeuzwa. Mdogo wangu akiona 09:00 kwenye programu kisha akatoa tena 7, anapata saa 2 ya usiku wa manane kwa hesabu ya kizungu, na anaamka bure. Njia ya kupima ni hii: chukua saa uliyoona na uisome kana kwamba ni ya Mwanza. 09:00 ya Mwanza ni saa 3 asubuhi. Nani anacheza Ligi Kuu Kirumba saa 3 asubuhi? Hakuna, basi ratiba hiyo imeshageuzwa na hupaswi kuigusa. Njia ya uhakika zaidi ni kuitafuta mechi hiyohiyo kwenye bango la klabu. Bango likisema 16:00 na programu ikasema 09:00, umejua.

Jua nalo ni shahidi mzuri ukiwa umefungua matangazo na huna hakika kama ni mbashara au marudio. Mwanza iko magharibi ya nchi, kwa hiyo jua letu linazama kama dakika 25 baada ya kuzama Dar es Salaam, karibu saa 1 kasorobo. Mechi ya saa 10 jioni inaisha kabla ya saa 12, uwanja ukiwa bado na mwanga wa jua. Ukiona taa zimewashwa na mbingu nyeusi, unachokitazama si mechi ya saa 10 ya leo.

Timu zetu zikicheza nje, tahadhari kwamba "saa za huko" kwenye ratiba ni saa za uwanja, na EAT haihusiki. Mechi ya Rabat ya 20:00 kwa kawaida ni 22:00 hapa, kwa sababu Moroko iko saa 1 mbele ya Greenwich. Mwezi wa Ramadhani wao hurudi kwenye Greenwich yenyewe, na mechi hiyohiyo inakuwa 23:00 Mwanza, yaani saa 5 usiku.

Kwa mtu anayefuata timu msimu mzima, njia bora ni kuacha kuhesabu. Kwenye kalenda ya simu, unapoandika mechi, tafuta sehemu ya kuchagua ukanda wa saa na uweke Dar es Salaam au Nairobi. Mwanza mara nyingi haimo kwenye orodha, lakini ni saa ileile. Andika 16:00 kama ilivyo kwenye bango, na uiache kalenda ikugeuzie. Hata kwenu wakibadilisha saa katikati ya wiki, kengele italia kwa wakati sahihi. Kitu ambacho kalenda haiwezi kukisaidia ni Bodi ya Ligi kusogeza mechi, nayo husogeza. Angalia bango la klabu tena usiku wa kuamkia mechi, na likibadilika, rekebisha ile 16:00, si saa ya kwenu.